Gari Linapofunga Breki Lenyewe

Toyota nyingi zilizotumika zinazoshushwa leo bandarini Dar es Salaam na Mombasa zimetengenezwa baada ya 2015, mwaka ambao kampuni hiyo ilianza kufunga mfumo wake wa usalama kwenye magari ya kawaida ya soko la Japani. Ndani ya mfumo huo mna kitu kinachoandikwa PCS, yaani breki inayojifunga yenyewe gari likikaribia kugonga. Ukiingia kwenye mipangilio yake utakuta hatua tatu: mbali, kati na karibu. Maandishi yake huwa ya Kijapani, kwa hiyo wengi hutazama mchoro tu, bonyeza mara moja, bonyeza tena, mpaka kelele ipungue.

Imani iliyoenea kwa madereva ni kwamba ukiweka "karibu" gari litachelewa kufunga breki, na ukiweka "mbali" litafunga mapema. Wapo wanaosema wameweka karibu "ili gari lisiwe na woga". Sivyo linavyofanya kazi. Kitabu cha mwenye gari cha Toyota kinaeleza kuwa kinachobadilika ni wakati wa kutoa onyo. Mlio na taa nyekundu vinakuja mapema zaidi au vinachelewa. Ile breki kali ya mwisho inabaki pale pale ilipowekwa na wahandisi, na dereva hana kitufe cha kuisogeza. Anachoweza ni kuzima mfumo wote. Tesla nao wana hatua tatu za onyo, na wao pia wanaeleza kuwa hazigusi breki.

Kwa nini dereva akabidhiwe kengele lakini anyimwe breki? Jibu linaanzia kwenye vifaa viwili vinavyotazama barabara, ambavyo kila kimoja kina udhaifu wake.

Rada hukaa mbele, mara nyingi nyuma ya nembo au ndani ya bampa. Inatoa mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 77 hivi, ambayo urefu wa wimbi moja ni kama milimita nne. Wimbi likigonga chuma kilicho mita 50 mbele linarudi baada ya theluthi moja ya sehemu ya milioni ya sekunde. Kutokana na muda huo mashine inajua umbali, na hukosea kwa kiasi kidogo sana. Kuna jambo jingine ambalo ndilo hasa linaloifanya rada iwe na thamani: wimbi linalorudi kutoka kwenye kitu kinachokaribia huwa limebanwa kidogo, na kiasi cha kubanwa huko kinaonyesha kasi ya kukaribiana moja kwa moja, bila kungoja kulinganisha vipimo viwili. Giza haliisumbui, na ukungu hauizuii.

Isichojua rada ni kile inachokitazama. Inaona nukta zinazong'aa, si maumbo. Bamba la chuma la daraja lililo juu ya barabara linang'aa, mfuniko wa shimo la maji taka unang'aa, kopo la soda lililokaa vibaya nalo linaweza kung'aa. Rada nyingi za magari ya miaka hiyo zinatofautisha kushoto na kulia vizuri kiasi, lakini juu na chini karibu hazitofautishi. Kwa macho yake, kibao cha barabarani kilichotundikwa mita tano juu na lori lililoegeshwa katikati ya njia vinafanana sana.

Tatizo hili linakuwa zito kwa vitu vilivyosimama. Gari lako likienda kilomita 80 kwa saa, kila kitu kisichosogea kinakujia kwa kilomita 80 kwa saa: nguzo, uzio wa chuma, kalvati, kibanda, na lori lililoharibika. Vyote vinarudisha kasi ile ile. Gari linalotembea mbele yako, hata likienda polepole, lina kasi tofauti na hiyo, kwa hiyo linajitenga na kundi. Lililosimama linapotea ndani ya kundi. Kama mashine ingefunga breki kwa kila chuma kilichosimama mbele yake, usingefika Chalinze. Ndiyo maana tangu mwanzo wahandisi waliifundisha rada kutoviamini vitu vilivyosimama mpaka vithibitishwe na chombo kingine.

Kuna jambo moja hapo ambalo watu wachache hulijua. Rada ikiliona lori likiwa bado linatembea, kisha lori likapunguza mwendo na kusimama, mashine haiisahau ile nukta. Imeifuata tangu mwanzo, na inajua kuwa hiki ni chombo kilichokuwa barabarani, si nguzo. Gari la mbele linalosimama ghafla kwenye foleni ni rahisi kulitambua. Gari ambalo umelikuta tayari limesimama ndilo gumu.

Chombo kingine ni kamera. Hii hubandikwa ndani ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Yenyewe hutambua maumbo, kwa sababu programu yake imefunzwa kwa picha nyingi mno za migongo ya magari, watu wanaovuka na waendesha baiskeli. Inajua kuwa kile ni lori na yule ni mtu. Inaona mistari ya barabara, hivyo inajua kama kitu kiko kwenye njia yako au njia ya jirani, na hupima upande kwa usahihi ambao rada haufikii.

Umbali ndio unaoishinda. Kamera moja haina namna ya kuupima moja kwa moja, kwa hiyo hukadiria. Njia mojawapo ni kutazama mahali matairi ya gari la mbele yanapogusa lami: kadiri gari lilivyo mbali, ndivyo mahali hapo panavyopanda juu kwenye picha na kukaribia upeo. Lakini hesabu hii ina ncha kali. Kamera iliyo mita 1.3 kutoka ardhini inakitazama kitu cha mita 50 kwa kuinama digrii moja na nusu hivi. Kitu cha mita 60 inakitazama kwa digrii moja na robo. Tofauti ya mita kumi imebebwa na robo digrii, na pua ya gari ikiinuka kidogo tu kwenye tuta, robo digrii imeshapotea.

Ipo njia ya pili, na ni ya werevu zaidi. Kamera haihitaji kujua umbali ili kujua muda uliobaki. Inatazama jinsi picha ya kitu inavyovimba. Mgongo wa lori ukikua kwa asilimia tano ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, basi kwa mwendo huo zimebaki sekunde mbili hivi kabla ya kugongana, liwe lori kubwa lililo mbali au Bajaji iliyo karibu. Muda huu wa kugongana ndio lugha ambayo mfumo mzima unaitumia.

Na ndio unaowaunganisha wale wawili. Tuseme rada inaripoti nukta yenye nguvu mita 49 mbele, inayokaribia kwa mita 22 kila sekunde. Gawanya: zimebaki sekunde 2.2. Wakati huo huo kamera inaripoti mgongo wa lori katikati ya njia, umbali wa mita 55 kwa makadirio yake, unaovimba kwa kiasi cha kufika baada ya sekunde 2.3. Umbali wao haulingani, na si ajabu, kwa kuwa kamera inabahatisha. Lakini upande unalingana na muda unalingana. Kompyuta inaamua kuwa wanazungumzia kitu kimoja, kisha inatengeneza kumbukumbu moja: jina na upande kutoka kwa kamera, umbali na kasi kutoka kwa rada. Mara kadhaa ndani ya kila sekunde wanapimwa tena, na kila wakikubaliana imani inapanda. Ni kama hakimu anayewasikiliza mashahidi wawili, mmoja kipofu mwenye masikio makali na mwingine mwenye macho asiyejua kukadiria masafa. Asiposikia kauli zinazoshikana hatoi hukumu nzito.

Hukumu hiyo ikitolewa kizembe, matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi juu ya Nissan Rogue za 2017 na 2018, zaidi ya magari 550,000, baada ya wenye magari kulalamika kuwa yanafunga breki ghafla mbele ya barabara tupu. Mahali walipopataja ni vivuko vya reli, madaraja na majengo ya maegesho. Kwa mtu anayejua tabia za rada, orodha hiyo inajieleza: ni mahali penye chuma kingi kilichosimama. Breki ya bure katikati ya barabara kuu si usumbufu tu, maana aliye nyuma yako hana habari nayo.

Upande wa pili wa mizani ulionekana Williston, jimbo la Florida, tarehe 7 Mei 2016. Tesla Model S iliyokuwa ikijiendesha kwa msaada wa mfumo wake, kwa mwendo wa kilomita 119 kwa saa, ilipita chini ya tela la lori lililokuwa likikata barabara kugeuka kushoto. Dereva wa Tesla alifariki. Breki haikujifunga. Kampuni ilieleza kuwa ubavu mweupe wa tela ulikuwa mbele ya anga lenye mwanga mkali, na kiongozi wake akaongeza kuwa rada huchuja vitu vinavyofanana na vibao vya juu ya barabara ili kuepuka breki za bure. Yaani kamera haikuona kitu, na rada iliona kitu ambacho ilikuwa imefundishwa kukipuuza. Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri, NTSB, walisema mfumo haukuwa umebuniwa kutambua lori linalokatiza njia. Mifumo ya miaka ile ilifunzwa migongo ya magari, si mbavu zake.

Rogue ilifunga breki pasipokuwa na kitu. Model S haikufunga palipokuwa na kitu. Mtu akitaka kuondoa kosa la kwanza kabisa atazidisha la pili, na kinyume chake. Kila mtengenezaji huchagua mahali pa kusimama kati ya hayo mawili, na uchaguzi huo haumwachii dereva.

Mashahidi wakishakubaliana, linakuja swali la lini. Hapa hesabu ni nyepesi na inafaa kuifuata, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini breki inaonekana kuchelewa.

Gari zuri kwenye lami kavu linaweza kupunguza kasi kwa mita 8 kwa sekunde, kila sekunde. Ukienda kilomita 50 kwa saa unahitaji mita 12 kusimama, maana yake ni lazima uanze kufunga breki zikiwa zimebaki kama sekunde 0.9 kabla ya kugonga kitu kilichosimama. Ukienda kilomita 100 kwa saa unahitaji mita 48, na sekunde 1.7. Lakini dereva ana njia nyingine ya kujiokoa, nayo ni usukani. Kulikwepa gari kwa kuhama mita moja na nusu hadi mbili pembeni huchukua karibu sekunde 0.8 ukikata kwa nguvu, na muda huo haubadiliki sana hata mwendo ukipanda.

Kwenye kilomita 50 kwa saa, nafasi ya mwisho ya breki na nafasi ya mwisho ya usukani zinakaribiana, hivyo mashine inaweza kusubiri hadi dakika ya mwisho na bado ikasimamisha gari. Kwenye kilomita 100 mambo yanageuka. Zikiwa zimebaki sekunde 1.7, breki ndiyo kwanza inahitajika kwa nguvu zote, lakini dereva aliye macho bado ana karibu sekunde nzima ya kukwepa. Labda anajiandaa kulipita lori. Mashine ikifunga breki hapo, imemvuruga mtu aliyekuwa anajua anachofanya. Ikisubiri mpaka usukani nao ushindwe, zimebaki mita 22 tu. Ukifunga breki kali katika mita hizo 22 unagonga ukiwa na kilomita 73 kwa saa hivi badala ya 100. Nguvu ya mgongano imeshuka karibu nusu, na hiyo inaweza kutenganisha mguu uliovunjika na jeneza, lakini gari limegonga. Kwa hiyo mtu akisema PCS "ilishindwa kazi" kwenye barabara kuu kwa sababu bampa limevunjika, huenda ilifanya kazi yake yote.

Ndiyo sababu pia dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu au akikata usukani ghafla, mifumo mingi huiacha breki. Inamhesabu kuwa amekwisha kuchukua hatua.

Sasa turudi kwenye zile hatua tatu. Kampuni hazichapishi muda kamili wa kila hatua, na muda wenyewe hubadilika kulingana na mwendo, kwa hiyo nitatumia namba za mfano tu: onyo la mbali sekunde 2.8 kabla ya kugonga, la kati 2.2, la karibu 1.6. Breki ya mashine tuiweke sekunde 1.0.

Uko kilomita 80 kwa saa, ambazo ni mita 22 kila sekunde. Mchana, lami kavu. Umeinamia simu. Mbele kuna lori limesimama na mashahidi wote wawili wameliona. Kuanzia mlio uliapo mpaka mguu wako ukamilishe kukanyaga breki tuhesabu sekunde moja, ambayo ni ukarimu kwa mtu aliyekuwa akisoma ujumbe.

Ukiwa umeweka mbali, onyo linalia lori likiwa mita 62. Sekunde yako inakula 22, unabaki na 40. Kusimama kunahitaji 31. Unasimama na mita tisa mkononi. Ukiwa umeweka kati, onyo linalia kwenye mita 49, unaanza kufunga breki ukiwa na mita 27, na unagonga kwa kilomita 29 kwa saa hivi. Ukiwa umeweka karibu, onyo linalia kwenye mita 36 hivi. Kama ungeachiwa peke yako, mguu wako ungefika zikiwa zimebaki mita 13 na ungegonga kwa kilomita 60 kwa saa. Lakini mashine haikukusubiri. Kwenye sekunde ya mwisho, mita 22, imeshafunga breki yenyewe, na unagonga kwa kilomita 42.

Angalia kilichotokea. Breki ya mashine ilikuwa mahali pamoja katika hali zote tatu, na ni kwenye hatua ya karibu tu ndiyo iliyokuwahi. Katika hizo mbili za mwanzo mguu wako ulitangulia. Kuhamisha mpangilio kutoka mbali kwenda karibu hakukuipunguzia mashine uwezo wowote. Kumekunyang'anya wewe sekunde 1.2, na sekunde hizo ndizo zilizokuwa na nafasi ya kusimama salama.

Hesabu hiyo imemkopesha dereva jambo moja zaidi: kwamba anakanyaga breki mpaka mwisho. Watu wengi hawafanyi hivyo, hukanyaga kiasi, hasa wakishtuka. PCS ina msaada wa hapo. Ikiona hatari imekaribia na mguu umeshagusa pedali, inaongeza nguvu ya breki kuliko uliyoikanyaga.

Kama mbali ni bora hivyo, kwa nini isiwe ndiyo hatua pekee? Kwa sababu kutabiri sekunde 2.8 mbele ni kazi yenye makosa mengi kuliko kutabiri moja. Katika muda huo gari la mbele linaweza kuwa linaingia sheli na litakupisha, kona inaweza kuwa inalielekeza bampa lako kwenye gari lililoegeshwa pembeni, au bodaboda imekatiza na tayari inaondoka. Ukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, mbali italia kila mara kwa vitu ambavyo wewe mwenyewe ulishaviona. Onyo likilia bure mara nyingi, sikio linalizoea, na mkono unatafuta kitufe cha kuzima. Wahandisi walijua hilo, na ndiyo maana kengele imewekwa mikononi mwa dereva: ni juu yake kupima kelele anayoweza kuvumilia. Breki ya uongo haivumiliki kwa kiwango chochote, kwa hiyo hiyo imefungiwa.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 152, inayofuatwa Ulaya na Japani kwa magari madogo, imeweka sakafu: kwa kawaida onyo lazima litangulie angalau sekunde 0.8 kabla ya breki ya dharura. Ukiweka karibu ni kama unashuka kuelekea kwenye sakafu hiyo. Katika baadhi ya matoleo mapya ya Toyota kuna tahadhari ya ziada: kuchagua hatua ya kuchelewa kunaweza pia kuuzima msaada wa usukani wa dharura, kama gari linao.

Hapa kwetu, hata hivyo, mpangilio mara nyingi si ndio tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba mmoja wa mashahidi amejeruhiwa na hakuna aliyejua.

Kamera imeshikiliwa na kioo. Kioo kikipasuka na fundi akabadilisha, kibano cha kamera kinaweza kukaa kimepinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni. Ikipinda digrii moja pembeni, kitu kilicho mita 100 mbele kitaonekana kimehama mita 1.7, ambayo ni karibu nusu ya njia. Lori lililo mbele yako litaonekana liko njia ya jirani, na la jirani litaonekana liko mbele yako. Rada itasema katikati, kamera itasema pembeni, na hakimu atasitasita. Baada ya kubadilisha kioo kamera inatakiwa kusawazishwa kwa kompyuta ya kupima gari pamoja na, kwa magari mengi, ubao maalumu wa michoro unaowekwa mbele yake kwa vipimo. Uliza gereji kama wana ubao huo kabla ya kulipa. Kuinua gari kwa springi ndefu au kufunga matairi makubwa kunaleta kasoro ya aina hiyo hiyo, safari hii juu na chini.

Rada nayo ina maadui wake. Nembo iliyo mbele yake si pambo la kawaida. Ni bapa, laini, na imetengenezwa kwa plastiki inayopitisha mawimbi. Ikivunjika na ukanunua nyingine ya bei nafuu yenye nikeli nene, umeifunga rada kitambaa cha macho. Ngao ya chuma iliyofungwa mbele inafanya vivyo hivyo. Bampa lililojazwa puti na kupakwa rangi tabaka juu ya tabaka linaweza kudhoofisha rada iliyo nyuma yake. Matope mazito ya safari ya mvua yanatosha kuizima kwa muda, na gari hukwambia kwa maandishi kwenye dashibodi, ambayo tena ni ya Kijapani. Taa ya rangi ya chungwa ya PCS ikimulika kwa kupepesa, kuna hitilafu au kuna kitu kimeziba. Usiibandike karatasi, safisha nembo na kioo kwanza, na isipozima nenda kapime.

Ukumbuke pia kuwa si kila gari lenye PCS lina rada. Magari madogo ya 2015 na miaka iliyofuata, kama Vitz na Fielder, yalipewa miale ya leza pamoja na kamera, na breki yake ya kujifunga hufanya kazi kati ya kilomita 10 na 80 kwa saa tu. Leza yao iko juu, kwenye kioo, karibu na kamera. Magari makubwa zaidi yalipata rada, na kwa kugonga gari jingine mfumo wao unafika mpaka kilomita 180 kwa saa, ingawa kwa mtu anayetembea unaishia 80. Mtu hurudisha wimbi hafifu kuliko gari, kwa hiyo hapo kamera ndiyo inayobeba mzigo, na kamera inahitaji mwanga. Utafiti wa IIHS, taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, uliotolewa 2022 ulikuta breki hizi zinapunguza ajali za kugonga watembea kwa miguu kwa asilimia 27 kwa jumla, lakini kwenye barabara zenye giza zisizo na taa hakukuonekana tofauti yoyote.

Barabara zisizo na taa ndizo tulizonazo baina ya mji na mji. Chukua lori lililoharibika saa tatu usiku, tela halina taa wala viakisi, matawi ya miti yametupwa lami kama onyo. Rada inaliona lakini hailiamini, kwa sababu halijawahi kulionekana likitembea. Taa zako za chini zinaangaza mita 50 hivi, kwa hiyo kamera inaanza kuliona wakati ambapo kwenye kilomita 80 zimebaki sekunde mbili na robo, na bado inahitaji picha kadhaa ili iwe na uhakika. Onyo la sekunde 2.8 haliwezekani tena, hata kama umeweka mbali. Kuwasha taa ndefu kila barabara inapokuwa tupu kunampa shahidi huyu mita nyingi kuliko mpangilio wowote.

Mimi ningeweka mbali kwa safari ndefu na kati mjini, na karibu ningeiacha kabisa. Ukiuzima mfumo, kwa mfano gari linapovutwa, utajiwasha wenyewe ukizima na kuwasha injini tena. Mpangilio wa onyo hukumbukwa injini ikizimwa, isipokuwa kama uliuzima mfumo wenyewe na kuuwasha. Hapo Toyota hurudi kwenye kati, na aliyetaka mbali inabidi aingie tena achague.